Kutoka aya ya makala hadi mistari ya slaidi: mfano wa mazuku

Dada mmoja wa hapa Goma alinifungulia kompyuta yake siku nne kabla ya kuvuka ziwa kwenda kwenye kongamano Bukavu. Makala yake ilikuwa imekubaliwa, na alikuwa amepewa dakika 15 za kuieleza. (Ninaposema makala hapa nina maana ya andiko la utafiti, najua kwamba sokoni Virunga neno hilohilo ni gunia la makaa.) Slaidi zake zilikuwa 22. Ya tano ilibeba aya nzima ya makala, imebandikwa kama ilivyo, herufi zikiwa ndogo kama za gazeti.

“Yaya, hiyo nimeshaipunguza,” akaniambia.

Na kweli alikuwa ameipunguza. Alikuwa ametoa sentensi moja katikati na maneno mawili matatu pembeni. Wengi wetu tunaanza hivyo: tunachukua mkasi na kukata kwenye aya iliyokwisha andikwa. Kinachobaki ni aya ileile iliyokatwa vidole. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ile tuliyoifuata jioni hiyo, nami nitaipitia kwa aya moja tu, hatua kwa hatua, ili uone kila neno limekwenda wapi.

Aya yenyewe nimeiandika upya kwa ajili ya mwongozo huu, kwa mtindo ambao makala zetu nyingi huandikwa:

“Katika maeneo yaliyoko magharibi mwa mji wa Goma, hasa kwenye ukanda wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu kuelekea Sake, kunashuhudiwa uwepo wa mabonde madogo na mashimo ya lava ambamo hujikusanya gesi ya kaboni dayoksidi itokayo ardhini kupitia nyufa za miamba, hali ambayo wenyeji huitambua kwa jina la mazuku. Kutokana na ukweli kwamba gesi hiyo ina uzito unaozidi ule wa hewa ya kawaida kwa takriban mara moja na nusu, hubaki imetuama katika sehemu za chini, hususan nyakati za usiku na alfajiri ambapo upepo huwa umetulia, na hutawanyika kadiri jua linavyopanda na upepo unavyoanza kuvuma. Mkusanyiko unaozidi asilimia 10 ya hewa unaweza kusababisha kupoteza fahamu ndani ya muda mfupi na hatimaye kifo, na kwa kuwa gesi hiyo haina rangi wala harufu, waathirika, ambao mara nyingi ni watoto na wanyama kutokana na vichwa vyao kuwa karibu na ardhi, huenda wasitambue hatari hiyo mapema.”

Ni sentensi tatu tu, lakini maneno yake yanapita mia moja. Kwenye karatasi aya hii inasomeka, kwa sababu msomaji anaweza kurudi nyuma. Ukutani haisomeki. Mtu aliyeketi ukumbini hawezi kusoma sentensi yako na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Atachagua moja, na mara nyingi atachagua kusoma, kwa kuwa maandishi yako mbele ya macho yake. Wewe utakuwa unasema peke yako.

Hatua ya kwanza: funga makala, useme

Usianze kukata. Soma aya mara moja, funga makala, kisha umweleze mtu asiye wa fani yako aya hiyo inasema nini. Mweleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Mtu huyo asiwe mwanafunzi mwenzako, kwa sababu mwenzako atakukamilishia sentensi. Awe mama jirani, dereva wa pikipiki, au mdogo wako wa sekondari.

Jioni ile alikuwapo mama jirani yangu, ambaye ana shamba upande wa kwenda Sake. Dada akafunga kompyuta, akamgeukia, akaanza: “Mama, kuna gesi inatoka chini ya udongo, ni nzito, basi inabaki ndani ya mashimo. Usiku upepo haupo, inajaa. Asubuhi jua likipanda inakwenda. Lakini mtu akiingia pale mapema anaweza kufa, maana haionekani na haina harufu.”

Mama akasema: “Njo maana mbuzi zinafiaka asubuhi.”

Yale aliyoyasema dada ndiyo tuliyoyaandika kwenye daftari. Hesabu maneno yake: hayafiki 45, na ndani yake mna sababu, wakati na hatari, kwa mpangilio unaofuatana vizuri kuliko ule wa makala. Tena angalia vitenzi: inatoka, inabaki, inajaa, inakwenda, akiingia. Kwenye aya, baadhi ya vitenzi vilikuwa vimegeuzwa kuwa majina mazito: uwepo, mkusanyiko, kupoteza fahamu. Mstari wa slaidi unasimama juu ya kitenzi. Ukiisema aya kwa mdomo kabla ya kuikata, vitenzi hurudi vyenyewe.

Dada aliacha pia mambo kadhaa aliposema, yakiwamo ile asilimia 10, na watoto. Hilo ni la kawaida. Ukishaandika ulichosema, fungua makala uangalie kilichosahauliwa, kisha uulize kila kimoja: kama kikikosekana ukutani, je, msikilizaji atakosa jambo au atakosa pambo tu? Asilimia 10 ni jambo, kwa sababu bila kipimo hicho mtu wa fani hataweza kulinganisha na vipimo vyake. Watoto ni jambo pia. “Kunashuhudiwa uwepo wa” ni pambo.

Hatua ya pili: hesabu madai, si sentensi

Aya moja si slaidi moja. Aya hii ina madai mawili yanayosimama kila moja kwa miguu yake: kwamba gesi hutuama chini kwa saa fulani, na kwamba inaweza kuua kabla mtu hajajua. Mahali ilipo, yaani magharibi mwa Goma, ni dai la tatu, lakini hilo ramani inalieleza vizuri kuliko mstari wowote, kwa hiyo tulilipeleka kwenye slaidi ya ramani. Kwa hiyo aya ilitoa slaidi mbili na nukta chache kwenye ramani.

Aya nyingine hazitoi kitu. Aya ya kazi zilizotangulia, ile inayosema fulani aliandika hivi na fulani akaandika vile, mara nyingi hubaki kwenye makala. Aya ya mbinu hutoa picha ya kifaa na mistari miwili. Tulipomaliza, slaidi 22 zilikuwa zimekuwa tisa, na kwa dakika 15 hizo zinatosha kabisa.

Dai likishapatikana, liandike juu kama kichwa cha slaidi, na liwe sentensi kamili yenye kitenzi. Slaidi ya dada ilikuwa na kichwa “Tabia za mazuku”. Hicho ni kibandiko cha faili. Kinamwambia msikilizaji kuna kitu humu, bila kumwambia ni nini. Tukakifuta, tukaandika: “Mazuku hutuama mabondeni usiku na alfajiri”. Mtu akisinzia, akaamka, akaona mstari huo mmoja tu, amepata dai zima.

Hatua ya tatu: mistari mitatu chini ya kichwa

Chini ya kichwa kunakaa ushahidi au sababu, basi. Mimi naweka mistari mitatu, mara chache minne. Kila mstari usizidi herufi 40 hivi, ukihesabu na nafasi. Nahesabu herufi, wala si maneno, kwa sababu ushauri wa “maneno sita kwa mstari” ulitengenezwa kwa lugha zenye maneno mafupi. Kiswahili chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. “Yanayojikusanya” ni neno moja, na lina herufi 15. Maneno sita ya namna hiyo hayaenei. Kwa slaidi pana ya kawaida na herufi za ukubwa wa 32, mstari hujaa karibu na herufi 50, kwa hiyo 40 zinakuachia nafasi pembeni.

Slaidi ya kwanza ikawa hivi:

Mazuku hutuama mabondeni usiku na alfajiri
– Gesi hutoka kwenye nyufa za ardhi
– Ni nzito kuliko hewa: mara moja na nusu
– Upepo ukivuma asubuhi, hutawanyika

Na ya pili:

Mazuku yanaweza kuua kabla mtu hajajua
– Hayana rangi wala harufu
– Yakizidi 10% ya hewa, mtu huweza kuzimia
– Watoto na wanyama wako hatarini zaidi

Chini ya vichwa hivyo, mstari mrefu kuliko yote una herufi 40. Rudi kwenye aya uone kilichoondoka: “katika maeneo yaliyoko”, “kunashuhudiwa uwepo wa”, “hali ambayo”, “kutokana na ukweli kwamba”, “nyakati za”, “hususan”. Hayo ndiyo maneno ya kuwinda kwanza kwenye aya yoyote ya Kiswahili cha kitaaluma. “Kutokana na ukweli kwamba” ni “kwa sababu”, na kwenye slaidi hata “kwa sababu” huweza kuondoka, ukiziweka sababu na tokeo zikifuatana. Kitenzi chenye -ki- hufanya kazi hiyo kwa silabi moja: “upepo ukivuma, hutawanyika” imechukua nafasi ya “na hutawanyika kadiri jua linavyopanda na upepo unavyoanza kuvuma”.

Kuhusu “mara moja na nusu”: dada alikuwa ameandika 1,5. Hapa kwetu tunaandika mkato, kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa. Mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam anaandika 1.5, na yeye mkato huutumia kutenga maelfu. Kwenye 1,5 atakuelewa, lakini kwenye 2,400 mmoja atasoma mbili na kidogo na mwingine atasoma elfu mbili na mia nne. Kama ukumbi una watu wa pande zote mbili, andika kwa maneno panapowezekana, na kwa maelfu acha nafasi tupu: 2 400.

Viambishi vinavyobaki yatima

Hapa ndipo kukata Kiswahili kunapotofautiana na kukata Kifaransa, na ndipo nilipoona slaidi nyingi zikiharibika, hata za watu wanaoandika vizuri sana.

Kitenzi chetu hubeba kiambishi cha jina lake. Ukikata jina ili kufupisha, kiambishi hubaki kikimtafuta mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya dada kwenye slaidi ya pili ilikuwa na mstari “Haina rangi wala harufu”, kwa kuwa kwenye makala mhusika alikuwa “gesi”. Lakini kichwa kilisema “mazuku”, na mazuku ni ya-. Msomaji anaona “Mazuku yanaweza” kisha “Haina”, naye anasimama nusu sekunde akiuliza: nini haina? Nusu sekunde hiyo ndiyo sentensi yako moja isiyosikika. Kanuni yetu ikawa hii: jina lililoko kwenye kichwa ndilo linaloamuru viambishi vya mistari yote ya slaidi hiyo. Mstari ukihitaji mhusika mwingine, mtaje waziwazi. Kwa hiyo kwenye slaidi ya kwanza tuliandika “Gesi hutoka”, na mistari inayofuata ikaendelea na gesi.

Njia ya kuukwepa mtego huo ni kiambishi hu-, kile cha mazoea. Hakina ngeli. “Hutuama”, “hutoka”, “hutawanyika” hukubaliana na jina lolote, ni vifupi, na husema jambo la siku zote, ambalo ndilo sayansi hulitafuta. Kwa slaidi ni kiambishi cha thamani sana. Kina mipaka miwili tu. Kwanza, kinafanana na hu- ya kukanusha nafsi ya pili: “hujui” ni wewe usiyejua. Ndiyo maana kichwa cha slaidi ya pili ni “kabla mtu hajajua”. Rasimu ya kwanza ilikuwa “kabla hujajua”, na karibu na hu- nyingine ilitatiza jicho. Pili, mtaani kwetu hatuisemi. Mama alisema “zinafiaka”, hakusema “hufa”. Kwenye kongamano hu- inafaa kabisa. Lakini ukienda kueleza matokeo yaleyale kwa wakuu wa mitaa na watu wa nyumba kumi, andika “inabaki”, “inaua”, kama wanavyosema, na ukubali mstari urefuke herufi mbili tatu.

Jambo dogo la mwisho hapa: usiache “ya”, “wa”, “za” au “na” ikining’inia mwishoni mwa mstari wakati jina lake limeshuka chini. “Nyufa za” juu na “ardhi” chini hulifanya jicho lirudi nyuma. Sogeza “za” ishuke pamoja na “ardhi”. Kwenye PowerPoint bonyeza Shift+Enter mahali unapotaka kukata, na mstari utashuka bila kuanzisha nukta mpya.

Neno la tahadhari lisikatwe

Nitaeleza kosa langu mwenyewe, kwa kuwa sijalisahau. Miaka iliyopita niliandaa slaidi za mkutano mmoja kuhusu Nyiragongo. Aya niliyokuwa nayo ilisema kwamba mlima ulimwaga lava nje ya kreta tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Kwamba kati ya hizo kuna miaka 25 na miaka 19. Na kwamba matukio matatu ni machache mno, hayawezi kutupatia kipindi cha kutegemea. Nikakata, nikakata. Ukutani ukabaki mstari mmoja safi: “Hulipuka kila miaka 20 hivi”.

Mzee mmoja akanyanyuka baada ya mazungumzo. Nyumba yake ya kwanza ilimezwa na lava mwaka 2002, na mwaka 2021 aliondoka mjini usiku kwa miguu pamoja na wajukuu. Akasema: “Mwanangu, kama ni hivyo mpaka 2040 tulale usingizi?” Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa dhati, na watu nyuma yake walikuwa wakingoja jibu. Mstari wangu ulikuwa umemwahidi mtu aliyepoteza nyumba jambo ambalo aya ililikana waziwazi.

Neno la tahadhari ni fupi, halafu halionekani kuwa na kazi: huenda, inaweza, takriban, mara nyingi, kwa sampuli hii. Mkasi hulipata mapema. Lakini likiondoka, uwezekano unageuka kuwa hakika. Tangu siku hiyo nafanya hivi: kabla ya kugusa aya napigia mstari kila neno la tahadhari kwa kalamu nyekundu, na slaidi ikishakamilika nalitafuta moja baada ya jingine. Kila neno jekundu lazima liwe na mahali: ama ndani ya mstari, ama kwenye kichwa, ama nimeamua kwa sababu maalumu kulisema kwa mdomo. Kwenye mfano wetu wa mazuku, “unaweza kusababisha” imebaki kama “yanaweza kuua” na “huweza kuzimia”. “Mara nyingi ni watoto na wanyama” imekuwa “wako hatarini zaidi”, ambayo haidai kwamba watu wazima wako salama. “Takriban” ya mara moja na nusu haimo ukutani. Dada aliamua kuisema.

Slaidi ya Nyiragongo ingepaswa kuwa hivi:

Lava imeshuka mara 3. Bado hatuna kipindi
– 1977, 2002, 2021
– Nafasi kati yake: miaka 25, kisha 19
– Mara 3 hazitoshi kutabiri ya nne

Si ndefu kuliko ile ya uongo kwa kiasi cha kutisha. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli.

Kilichokatwa kinakwenda wapi

Usikitupe. Kila ulichokitoa kwenye aya kikiwa na maana kiweke kwenye nafasi ya maelezo ya msemaji iliyo chini ya slaidi. Huko kuna “takriban”, kuna “mashimo ya lava”, na kuna mfano wa mbuzi wa mama. Andika kama utakavyosema, wala si kama makala. Ukiibandika aya yako humo utaisoma, na sauti yako itakuwa sauti ya mtu anayesoma.

Slaidi moja yenye mistari mitatu huchukua kama dakika moja na nusu kuieleza. Ukiona maelezo yake yanakuchukua dakika nne, umebana madai mawili kwenye slaidi moja. Rudi hatua ya pili.

Majaribio mawili kabla ya safari

La kwanza ni la macho. Hapa kwetu projekta nyingi ni hafifu, ukuta au shuka ni dogo, na madirisha hayana mapazia. Tuseme picha ukutani ina kimo cha mita 1,2 na mstari wa mwisho wa viti uko mita 12: mtu wa nyuma yuko umbali wa mara 10 ya kimo cha picha. Sasa chukua kompyuta yako. Kioo cha kompyuta ya mkononi ya kawaida kina kimo cha sentimita 17 hivi. Zidisha kwa 10: sentimita 170. Weka slaidi ijae kioo chote, rudi nyuma mita 1,7, karibu hatua mbili na kidogo, taa ikiwa imewashwa na dirisha likiwa wazi. Kama unasoma bila kukunja uso, mtu wa nyuma atasoma. Dada alirudi nyuma, akaona mistari vizuri, lakini namba kwenye mhimili wa grafu zilikuwa zimepotea. Tukazikuza mpaka zikalingana na mistari.

Jaribio la pili ni la pumzi. Mpe mtu asiyejua kazi yako asome kila mstari kwa sauti. Akifika mwisho kwa pumzi moja bila kujikwaa, mstari ni mzuri. Akijikwaa, angalia alipojikwaa. Karibu kila mara utakuta kiambishi yatima au mlolongo wa “ya… ya… ya…”. Mdogo wangu alijikwaa kwenye “Vipimo vya viwango vya gesi ya mashimo ya ufuko”. Hapo hapahitaji ufundi mkubwa. Tafuta kitenzi kilichojificha ndani ya jina la kwanza, ukitoe nje: “Tulipima gesi kwenye mashimo ya ufukoni”.

Kisha soma vichwa peke yake, kwa mpangilio, bila mistari ya chini. Vya dada vilikuwa hivi baada ya kazi ya jioni hiyo, ukiacha slaidi ya jina na ya shukrani:

Mazuku ni kaboni dayoksidi kutoka ardhini
Mazuku yako magharibi mwa Goma hadi Sake
Mazuku hutuama mabondeni usiku na alfajiri
Mazuku yanaweza kuua kabla mtu hajajua
Tulipima gesi kwenye mashimo ya ufukoni
Alfajiri gesi ilizidi ile ya adhuhuri
Alama na uzio vinaweza kuokoa watoto

Mama aliomba asomewe vichwa tena. Baada ya cha sita akauliza: “Na mashimo gani mulipima? Yetu iko ndani?” Tukaona kwamba slaidi ya tano haikusema ni mashimo mangapi wala yako wapi, ingawa makala ilisema. Dada akairudia, akaongeza idadi kwenye kichwa, na kwenye ramani ya slaidi ya pili akatia nukta kwa kila shimo alilopima.